Kemikali za Nyumbani Wakati wa Ujauzito: Ipi Yenye Madhara Hasa?

Mama mwenye ujauzito wa wiki 10 anafika kliniki akiwa na hofu. Juma lililopita alipaka rangi nyeusi ya nywele, na jirani akamwambia kwamba mtoto atazaliwa na kasoro. Huu ni mfano tu, lakini wahudumu wengi wataitambua sura yake. Kabla ya kumjibu, mhudumu anapaswa kumuuliza ni vitu gani vingine vinavyotumika nyumbani: vimeingia mwilini kwa njia gani, kwa wingi gani na kwa muda gani. Sumu hupimwa kwa kiasi kinachofika mwilini, wala si kwa ukali wa harufu yake.

Tuanze na rangi ya nywele. Kiasi kinachopenya ngozi ya kichwa yenye afya ni kidogo mno, na tafiti nyingi hazikuonyesha kwamba kupaka mara chache hudhuru mimba. Atakaye tahadhari zaidi na asubiri hadi wiki 12 zipite, avae glavu, akae penye hewa, na asipake kichwa chenye vidonda. Hina halisi hutoa rangi ya kahawia yenye wekundu. Ile nyeusi ya piko huwa na kemikali ya rangi ya nywele iliyokolea, ambayo yaweza kuunguza ngozi na kuleta malengelenge. Mama huyu, basi, aondolewe hofu.

Katika mazungumzo anataja jambo ambalo hakuliona kuwa na uzito: mumewe amekuwa akipuliza dawa ya kunguni chumbani kila juma, nao hulala humo usiku uleule. Dawa hiyo ilinunuliwa sokoni ikiwa imemiminwa katika chupa ya maji isiyo na lebo. Hapa ndipo penye hatari.

Dawa za namna hiyo mara nyingi ni viuatilifu vya shambani, na baadhi yake ni vya kundi la oganofosfati. Kundi hili huzuia kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu baada ya kila ishara. Anayepata kiasi kikubwa hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, mboni za macho husinyaa, hutapika, huharisha na kubanwa kifua. Dalili hizo ni dharura. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye. Hata kiasi kisicholeta dalili si cha kupuuzwa, kwa kuwa sumu hizi hupita kondo la nyuma. Klopirifosi, mojawapo ya kundi hilo, iliondolewa katika matumizi ya majumbani nchini Marekani kuanzia mwaka 2000, na tafiti zimeihusisha na kudumaa kwa ukuaji wa akili ya watoto walioipata tumboni.

Mama huyu hana dalili. Anashauriwa alale chumba kingine, na mtu mwingine asiye mjamzito avae glavu, afungue madirisha, apanguse sakafu na kitanda kwa maji ya sabuni, na kufua mashuka peke yake. Kunguni waliosalia wauawe kwa maji yanayochemka yakimiminwa katika nyufa za kitanda, na nguo zifuliwe kwa maji ya moto. Chandarua chenye dawa asikiache: dawa yake ni kidogo na ya kundi jingine, ilhali malaria ni hatari kubwa kwa mimba.

Kuhusu usafi, jiki iliyochanganywa na maji kama lebo inavyoelekeza haina tatizo penye hewa. Kosa ni kuichanganya na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Ikitokea, mtu atoke nje mara moja, na akiendelea kukohoa au kupumua kwa shida aende hospitali.

Kwa rangi ya nyumba, kupita penye harufu kwa muda mfupi si jambo la kuhofia. Kushinda siku nzima katika chumba kilichofungwa chenye thina au rangi ya mafuta ndiko kunakoepukwa. Kubwa zaidi ni kupiga msasa kuta au milango ya zamani, kwa sababu vumbi lake laweza kuwa na madini ya risasi. Hayo hupita kondo la nyuma, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Mjamzito asiifanye kazi hiyo, wala asilale humo kabla vumbi halijapanguswa kwa kitambaa chenye maji; kufagia pakavu hulirusha hewani.

Mama alikuja kwa ajili ya nywele. Aliyemsaidia ni mhudumu aliyeuliza kuhusu chupa.