Dondoo muhimu: Kazi ya chuoni isiyokupunguzia msaada

Ukisoma Marekani ukiwa raia, mkaazi wa kudumu au mkimbizi, jaza FAFSA, kisha tafuta kwanza kazi za chuoni zilizo chini ya Federal Work-Study. Mshahara wake huondolewa kwenye kipato chako msaada ujao unapokadiriwa. Wa kazi ya kawaida huhesabiwa, na nusu ya kinachozidi kiwango kilichosamehewa huchukuliwa kuwa uwezo wako wa kulipa. Utasema fungu lenyewe la Work-Study ni dogo. Kweli, tena halilipwi mpaka uombe kazi na kuifanya: kwa mfano, fungu la dola 2,400, kwa dola 12 kwa saa, ni saa 200, yaani saa 8 kwa wiki 25. Mwenye viza ya F-1 hahusiki. Kazi yake chuoni huishia saa 20 kwa wiki wakati wa masomo.