Basi lifike salama

*Shangazi, nimeandika hadithi fupi. Binti anatoka Bariadi kwenda Bukundi kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake. Ndani ya basi anachomoa karata ya taroti na kupata Mnara. Mwishoni basi linapinduka. Kila anayeisoma anasema haimwingii akilini. Nimekata tamaa, nataka kuichana. – Msomaji, Bariadi*

Mwanangu, usiichane. Ila ajali hiyo iondoe.

Anayeijua karata ya Mnara alishabashiri ajali mapema. Asiyeijua, na ndio wengi huku kwetu tuliozoea karata za kucheza, haelewi binti katetemeka kwa nini. Mwonyeshe picha yenyewe. Katika taroti iliyoenea zaidi, iliyotoka London mwaka 1909 kwa michoro ya Pamela Colman Smith, mnara umesimama juu ya jabali, radi imeupiga, taji limeng'oka kileleni, na watu wawili wanaanguka kichwa chini huku moto ukitoka madirishani. Mwache abiria wa pembeni aichungulie na kuuliza. Halafu, karata 78 hazitandazwi mapajani basi likirukaruka. Binti achomoe moja tu, zilizosalia zibaki zimefungwa kwenye khanga, kisha airudishe humo.

Wasomaji wa taroti wanauchukulia Mnara kuwa ni kuporomoka kwa kitu kilichojengwa juu ya msingi mbovu, na mara nyingi msingi huo ni jambo lililofichwa. Sasa rudi kwenye aya yako ya tatu. Umeandika kwamba binti ana mtoto wa miaka minne anayelelewa na bibi yake, mchumba anajua, wazazi hawajaambiwa. Ukaandika hivyo, ukamsahau mtoto kabisa! Radi ya hadithi yako iko pale, nawe ukaenda kuitafuta kwenye tairi.

Kwa hiyo basi lifike salama. Binti apige magoti, asalimie wakwe kwa Kisukuma cha kubabaisha. Wazee waulize kwao ni wapi, ukoo gani, maana kabla ya ng'ombe wa mahari kutajwa familia huchunguzana. Kila swali limsogeze karibu na mtoto yule. Mama mkwe usimfanye wa kuicheka karata. Amekulia mahali ambapo mfumu hupasua kuku na kusoma dalili ndani yake, na anajua kwamba dalili mbaya huanzisha maswali: nani ana kinyongo, nani kaficha nini. Khanga ifunguke wakati binti anatoa zawadi, Mnara udondoke mkekani. Mama auokote, autazame kwa muda, aulize: "Radi hii imepiga nyumba ya nani?"

Mchumba awepo, akitaka kujibu yeye. Binti amtangulie, amtaje mtoto kwa jina. Kama watampokea au watamkatalia, hilo utalijua ukifika kwenye sentensi hiyo, si kabla. Iandike, kisha niletee rasimu.