Pikapu, tela na tangi la maji: kiasi gani ni kingi mno?

Muuza magari akikuambia kwamba pikapu fulani inavuta tani tatu na nusu, muulize jambo moja: tela lenye breki au lisilo na breki? Pikapu nyingi za kebini mbili za siku hizi, Toyota Hilux zikiwamo, hupewa kikomo cha kilo 3,500 kwa tela lenye breki zake na kilo 750 tu kwa tela lisilo nazo. Gari ni lilelile na injini ni ileile. Kama nguvu ya injini ndiyo ingekuwa inapimwa, tarakimu hizi zisingeachana hivyo.

Tuchukue tela tunaloliona kila siku, lile la ekseli moja lililochomelewa mtaani, limebeba tangi la plastiki la lita 1,000. Mara nyingi halina breki. Tela lenyewe lina kilo 250 hivi, tangi tupu tuseme kilo 30, na maji ni kilo moja kwa kila lita. Jumla ni kilo 1,280. Kikomo huhesabu vyote, chuma cha tela pamoja na mzigo, kwa hiyo hapo umezidisha kilo 530. Ubaya ni kwamba dereva hahisi chochote. Injini ya dizeli yenye hosipawa 150 inaondoka na mzigo huo bila kulalamika, na dereva anaamini gari limeukubali.

Kuvuta ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Ukishuka Kitonga kutoka Iringa kuelekea Morogoro, injini haivuti tena; tela ndilo linalolisukuma gari. Breki zilizoundwa kusimamisha gari la tani mbili na mzigo wake sasa zinasimamisha na tani moja na robo ya ziada, na zinapopata joto kupita kiasi pedali inaenda chini bila gari kupungua mwendo. Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye kona, tela lisilo na breki linaendelea na mwelekeo wake, linasukuma nyuma ya gari upande, na gari na tela vinajikunja. Tela lenye breki hujisimamisha lenyewe. Kwenye aina rahisi zaidi, gari likipunguza mwendo, tela hulisogelea na kubana shingo yake, na msukumo huo ndio unaovuta waya wa breki. Aina ya umeme huhitaji kifaa cha kuiongoza ndani ya kebini.

Ndiyo maana mtengenezaji anapopanga kikomo huangalia breki, chesi, springi, ekseli ya nyuma, gia na uwezo wa rejeta kupoza injini. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, hutaka gari likiwa na tela zito kabisa linaloruhusiwa liweze kuondoka mara tano ndani ya dakika tano kwenye mlima unaopanda mita 12 kwa kila mita 100. Jaribio hilo linaitesa klachi na gia kuliko linavyoitesa injini. Trekta la hosipawa 50 huvuta tela la miwa ambalo pikapu ya hosipawa 200 haipaswi kuligusa, kwa sababu trekta lina gia za chini sana, uzito mkubwa juu ya magurudumu ya nyuma, na haliendi kasi. Upande wa pili, yapo magari ya michezo yenye hosipawa zaidi ya 400 ambayo vitabu vyake vinakataza kuvuta tela lolote.

Kwa hiyo, mwenye tela lisilo na breki abaki na maji kiasi gani? Toa 250 na 30 kwenye 750: zinabaki lita 470. Hapa wengi huamua kujaza tangi kubwa nusu, na mimi nasema hapana. Maji yaliyopewa nafasi hukimbia nyuma unapopanda na mbele unapofunga breki, na kila yanapohama hubadilisha uzito unaokandamiza ndoano. Nunua tangi la lita 500 na ulijaze karibu na shingo.

Uzito huo wa ndoano ndio unaoamua kama tela litatulia. Lengo la kawaida kwa tela la namna hii ni sehemu moja ya kumi ya uzito wote: kwa kilo 750, ni kilo 75. Ukiwa mdogo mno, au tela likiinua ndoano badala ya kuikandamiza, litaanza kuyumba kushoto na kulia mwendo ukiongezeka, na kila myumbo unaukuza unaofuata. Likianza, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe umenyooka, wala usijaribu kuongeza kasi ili kulinyoosha. Uzito ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari inakaa chini, taa zinamulika miti, na usukani unakuwa mwepesi kwa sababu magurudumu ya mbele yamepunguziwa uzito. Kumbuka pia kwamba ndoano yenyewe ina kikomo chake, kilichoandikwa kwenye kibati chake.

Kupima hakuhitaji gereji. Weka tela lililojazwa kwenye sakafu tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, kisha teremsha shingo yake juu ya kipande cha mbao kilichosimama kwenye mizani ya kupimia watu, kwa kimo kilekile inachokaa ikiwa imefungwa kwenye gari. Soma. Tuseme tela tupu linakandamiza kilo 30, na kutoka ekseli hadi ndoano ni mita 2.5. Tangi na maji yake, kilo 500, vinatakiwa kuongeza kilo 45. Zidisha 45 kwa 2.5, gawanya kwa 500, unapata mita 0.225. Yaani katikati ya tangi ikae sentimita 22 hivi mbele ya ekseli. Ukiliweka sentimita 30 nyuma ya ekseli kwa kuwa bomba linafika vizuri huko, unatoa kilo 60 kwenye ndoano, na tela linaanza kuinua gari.

Mwenye tela lenye breki naye asiishie kwenye ile 3,500. Kitabu cha gari kina kikomo kingine, GCM, ambacho ni uzito wa gari, watu, mizigo na tela kwa pamoja. Chukua pikapu yenye uzito mtupu wa kilo 2,100 na GCM ya 5,850. Ukipakia watu na mizigo ya kilo 650, tela linabakiwa na kilo 3,100. Na sehemu ya kumi ya hizo, kilo 310, inakaa juu ya gari kupitia ndoano, kwa hiyo gari lenyewe sasa lina kilo 3,060. Kama kikomo chake peke yake ni 3,050, umeshavuka, hata kama injini bado inaimba. Shusha mifuko miwili ya saruji kutoka kwenye bodi kabla ya kuondoka.

Ukishafunga ndoano, pitisha minyororo ya usalama chini ya shingo ikiwa imepishana, ili ndoano ikichomoka shingo idakwe isichimbe lami. Baada ya kilomita chache simama, sogeza kiganja karibu na kikombe cha kila gurudumu la tela bila kukigusa. Kimoja kikiwa na joto kuliko mwenzake, bearingi imekaza au breki imenata, na safari isubiri fundi.