Barua ya Kwanza kwa Mteja: Itoke kwa Mwanzilishi au kwa Ofisa Mauzo?

Tuseme una kampuni ndogo mjini Morogoro inayouza programu ya kutunza hesabu za ada kwa shule binafsi. Mko wawili: wewe uliyeianzisha na ofisa mauzo mmoja. Mmekusanya orodha ya shule 120 ambazo hazijawahi kusikia habari zenu, na mnataka kuziandikia barua pepe. Kabla ya kuandika lolote, amueni barua itoke kwenye anwani ya nani, kwa sababu anayepokea hutazama jina la mtumaji kwanza, kisha ndipo anaamua kama atafungua.

Anwani ya mwanzilishi ina faida gani? Mwenye shule akiona kwamba aliyemwandikia ni mwenye kampuni, anajua anazungumza na mtu wa ngazi yake, anayeweza kukubali au kukataa bei papo hapo. Lakini akijibu, atataka kuendelea na huyo huyo. Hapo ndipo gharama ilipo, na ni gharama ya muda. Barua nzuri ya namna hii huhitaji dakika 20 za kuisoma habari ya shule husika, na ikijibiwa inazaa simu au safari. Kwa mtu anayeendesha kampuni, barua tano kwa wiki zinatosha kabisa.

Kwa hiyo ligawe daftari lako safu mbili. Safu ya mwanzilishi iwe na shule chache, labda 15: zile ambazo mmiliki ana matawi zaidi ya moja, au mnafahamiana kupitia mtu, au ambazo mkataba wake mmoja ungebadilisha mwaka wenu. Zilizobaki 105 ziende kwa ofisa mauzo. Kama bado hamjaiuzia hata shule moja, usigawe kwanza. Andika wewe mwenyewe barua za mwanzo, kama 20 hivi, kwa kuwa pingamizi za wateja unahitaji kuzisikia kwa masikio yako, na ofisa mauzo hawezi kujibu maswali ambayo hata wewe hujawahi kuulizwa.

Tazama pia nani atakayeipokea. Mhasibu wa shule akiandikiwa na mkurugenzi wa kampuni, mara nyingi huona jambo limemzidi kimo. Huisukuma barua juu kwa bosi wake au huiacha tu. Akiandikiwa na ofisa mauzo, hujibu bila wasiwasi. Basi mwanzilishi amwandikie mwenye shule, na ofisa mauzo amwandikie mhasibu.

Sasa tuje kwenye lugha. Hii hapa ni barua ya mwanzilishi:

“Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi. Nimeona mmefungua tawi la pili Kihonda, hongereni. Mimi ndiye niliyeanzisha programu ya kutunza hesabu za ada ambayo shule nne za hapa mjini zinaitumia. Naomba kuuliza jambo moja: mzazi akilipa kwa mkupuo ada ya watoto wawili walio matawi tofauti, mhasibu wenu anaigawaje? Kama jambo hili linawasumbua, nipe dakika 15 nije nikusikilize. Namba yangu ya mkononi iko hapa chini.”

Humo hamna bei, hamna kiambatanisho, wala neno “ofa”. Kuna swali moja linalomgusa mwenye matawi zaidi ya moja, na kuna namba ya simu ya mtu atakayepokea kweli. Mwanzilishi akianza kutaja punguzo la mwisho wa mwezi, ile heshima ya ngazi inaporomoka.

Ofisa mauzo aandike hivi:

“Habari za kazi, Mhasibu. Mimi ni ofisa mauzo wa kampuni ya programu za shule ya hapa Morogoro. Programu yetu inalinganisha malipo ya benki na ya simu na majina ya wanafunzi, ili usikeshe na taarifa za benki mwisho wa muhula. Shule ya wanafunzi 300 hulipa Sh 60,000 kwa mwezi, na mafunzo ni bure. Je, nije Jumanne au Alhamisi asubuhi nikuonyeshe kwa nusu saa? Kama jambo hili halikuhusu, tafadhali nielekeze kwa anayehusika.”

Hapa bei imetajwa, siku zimetajwa, na cheo kimesemwa wazi. Ofisa mauzo hana haja ya kujifanya rafiki wa zamani. Kinachompa uzito ni kwamba anajua kazi ya mhasibu na anakuja na jibu kamili.

Je, ofisa mauzo anaweza kuandika kwa jina la mwanzilishi? Wengi hufanya hivyo, na mimi sikushauri. Mwenye shule atapiga simu, mwanzilishi ataulizwa habari za tawi la Kihonda, naye hana habari. Mazungumzo yanaishia hapo. Mwanzilishi akitaka kusaidiwa, msaidizi aandae rasimu, lakini mwenyewe aisome, aibadilishe na aitume.

Kuna jambo la kiufundi ambalo watu hulisahau. Anwani hizi mbili zina kikoa kimoja, yaani ile sehemu inayofuata alama ya @. Gmail na wenzake huzingatia sana sifa ya kikoa, si ya mtu mmoja peke yake. Ofisa mauzo akimwaga barua ovyo na wapokeaji wakazibonyeza kuwa taka, hata ankara zako zinaweza kuanza kuangukia kwenye taka. Google inataka malalamiko hayo yasifike 0.3%, yaani barua tatu katika kila elfu. Mtu mmoja akituma 20 kwa siku, kila moja ikiwa imeandikwa kwa ajili ya shule husika, yuko salama zaidi kuliko anayetuma zote 105 kwa mkupuo.

Jipime kabla ya kuanza. Tuma barua kwenye akaunti yako binafsi ya Gmail, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vidoti vitatu, kisha “Show original”. Utafute `SPF: PASS` na `DKIM: PASS`, alama zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Zisipoonekana, mpigie aliyekuuzia kikoa akuwekee. Ni kazi ya muda mfupi. Anwani ya pili yenye kikasha chake hugharimu dola chache kwa mwezi, kutegemea kampuni ya huduma.

Barua isipojibiwa? Mwanzilishi akumbushe mara moja, baada ya wiki moja, kisha anyamaze. Ofisa mauzo anaweza kukumbusha mara mbili, kila mara akiongeza jambo jipya. Wote waepuke wiki za kwanza za Januari, mhasibu akiwa amezungukwa na wazazi na risiti. Anayesema hataki, mfute kwenye safu zote mbili. Hilo si adabu tu: Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022.

Mwenye shule akikubali, mkabidhi kwa ofisa mauzo ndani ya barua ile ile, nakala ikienda kwa wote: “Mwenzangu huyu atakuja kuwafungia programu, la bei na mkataba bado ni langu.” Na ofisa mauzo akiacha kazi, usifute anwani yake. Ielekeze kwa atakayemrithi, kwa kuwa shule nyingine hujibu baada ya miezi, wakati bajeti ya mwaka mpya inapoandaliwa.