Tajiri ataka wafanyakazi waambiwe hakuna kinachobadilika

Barua ya wiki hii imetoka Mji Mkongwe, kwa meneja wa nyumba ya wageni iliyo vichochoroni nyuma ya bustani ya Forodhani. Amejiita "Katikati", na jina limemkaa. Tajiri wake ana nyumba mbili, hiyo ya Shangani na nyengine Malindi, upande wa bandarini. Mpaka sasa kila nyumba ina watu wake: Shangani tisa, Malindi saba. Kuanzia tarehe mosi ya mwezi ujao tajiri ataka wawe timu moja. Mkuu wa mapokezi awe mmoja, mkuu wa vyumba awe mmoja, ratiba ya zamu iwe moja, na sevisi chaji iingie mfuko mmoja. Hakuna anayeachishwa kazi.

Tajiri amekwisha kumwandikia Katikati maneno ya kutuma kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi: "Assalamu alaykum. Kuanzia tarehe mosi nyumba zetu mbili zitakuwa familia moja. Hakuna kinachobadilika, ni mpangilio tu. Tushirikiane." Katikati anauliza mawili. Je, ayatume kama yalivyo? Na je, akishatuma, alifunge grupu ili wasimamizi tu ndio waweze kuandika?

La kwanza lina jibu fupi: asiyatume. Tajiri huenda hana nia mbaya. Anapofikiri "hakuna kinachobadilika" anafikiria mshahara, na mshahara kweli haubadiliki. Lakini mfanyakazi wa nyumba ya wageni Unguja haishi kwa mshahara peke yake. Ana sevisi chaji, ana bahshishi, na ana nauli ya kurudi nyumbani usiku. Humo ndimo mabadiliko yalimo.

Hesabu zenyewe Katikati amezileta, ila hakuzifuata hadi mwisho. Mwezi uliopita mfuko wa sevisi chaji wa Shangani ulikuwa shilingi 1,800,000. Kwa watu tisa, kila mmoja alichukua 200,000. Malindi, ambako vyumba ni vichache na wageni wengi hulala usiku mmoja wakisubiri boti, mfuko ulikuwa 840,000, nao saba wakagawana 120,000 kila mmoja. Mifuko ikiunganishwa inakuwa 2,640,000 kwa watu kumi na sita, yaani 165,000 kila mtu. Wa Malindi anapanda kwa 45,000. Wa Shangani anashuka kwa 35,000, na tajiri hakutoa wala kuchukua hata senti. Pesa zimehama kutoka mifuko ya tisa kwenda ya saba.

Sasa mtu huyo wa Shangani, aliyeambiwa hakuna kinachobadilika, atapokea 165,000 mwisho wa mwezi. Hatadhani kwamba mgao umebadilishwa. Atadhani ameibiwa, na atakayemdhania ni Katikati, kwa sababu ndiye aliyetuma ujumbe na ndiye anayegawa pesa. Kwa hiyo hesabu hii iwekwe wazi kabla ya tarehe mosi, na tajiri aulizwe kama anaweza kuwafidia wa Shangani kwa miezi ya mwanzo, au kuacha mifuko ibaki miwili mpaka msimu wa watalii uanze Juni. Akikataa yote mawili, basi amekataa, lakini wafanyakazi waione hesabu.

Badiliko la pili linahusu mtu mmoja. Nyumba mbili zilikuwa na wakuu wa vyumba wawili. Atabaki mmoja, naye ni yule wa Shangani. Wa Malindi, bibi wa makamo ambaye barua inasema ndiye aliyewafundisha kazi karibu wote, atarudi kwenye kusafisha vyumba kwa mshahara uleule. Katikati amepanga kulieleza hili ndani ya tangazo, "kwa upole". Hakuna upole wa kutosha. Bibi huyo aitwe peke yake siku moja kabla ya tangazo, ofisini na si kwenye ngazi, tajiri awepo, na aambiwe mambo matatu kwa mpangilio huu: cheo chake kinaondoka, mshahara wake unabaki, na sababu ya kuchaguliwa mwenzake. Sababu hiyo iwe ile ya kweli. Kama ni kwa kuwa mwenzake anajua kutumia mfumo wa kompyuta wa kupangia vyumba, aambiwe hivyo. Kisha aulizwe angependa wenzake waelezwe kwa maneno gani. Huenda akataka kulisema mwenyewe, na hiyo ni haki yake.

Halafu yapo yasiyobadilika, na hapa ndipo Katikati anapotakiwa kuwa mgumu zaidi. Sentensi ya "hiki hakibadiliki" ni ahadi, na ahadi hiyo si yake, ni ya tajiri. Basi kila jambo atakaloliweka upande huo, kwanza alitafutie karatasi yenye saini ya tajiri: mshahara wa msingi, siku za likizo ambazo mtu hajazichukua, michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, na tarehe ya kuanza kazi.

Hiyo ya mwisho watu huisahau mpaka iwaume. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, posta, bandari na shirika la ndege la pamoja walijikuta mwajiri wao hayupo tena, na nchi tatu zikibaki kugawana mali na madeni. Mkataba wa kugawana ulitiwa saini Arusha mwaka 1984. Wastaafu wa Tanzania waliendelea kudai mafao yao hadi miaka ya 2000, na wengi walikufa kabla ya kulipwa. Nyumba mbili za wageni si Jumuiya, lakini swali ni lilelile: kazi niliyoifanya kwa mwajiri wa jana, wa leo anaitambua?

Ndiyo maana Katikati anapaswa kufungua faili la Malindi na kusoma mstari wa kwanza wa kila mkataba. Mwajiri aliyetajwa pale ni nani? Familia nyingi za Mji Mkongwe zina nyumba mbili kwa mkono mmoja, ila karatasi za moja ziko kwa jina la kampuni, na za nyengine kwa jina la kaka au la marehemu baba. Aangalie pia michango ya hifadhi ya jamii ya watu wa Malindi inapelekwa kwa jina la mwajiri yupi. Kama majina ni mawili tofauti, basi watu saba wanahamishwa mwajiri. Watahitaji mkataba mpya au barua ya kuhamishwa inayosema wazi kwamba utumishi wao unahesabiwa tangu siku ya kwanza Malindi, nao wakubali kwa saini zao. Mpaka hapo hakuna tangazo la kutuma. Lenye utata lipelekwe kwa Kamishna wa Kazi hapa Zanzibar.

Nimesema hapa Zanzibar kwa sababu wapo mameneja wanaochukua fomu za rafiki yao wa Dar es Salaam. Kazi na ajira si mambo ya Muungano. Kule Bara ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Unguja na Pemba ipo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Lakini kifungu cha 38 cha ile ya Bara kina jambo zuri la kujifunza hata pasipo na anayepunguzwa. Mwajiri anayekusudia kupunguza watu anatakiwa awape taarifa mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo, aeleze sababu, na ashauriane nao kabla ya kutekeleza. Yaani "tunakusudia" inatangulia "tumeamua". Katikati amuulize tajiri ni lipi bado liko kwenye kukusudia. Kwa barua ilivyo, ratiba ya zamu haijapangwa. Hilo basi lisitangazwe kama limekwisha, maana linawagusa wanaolala Fuoni na Mwanakwerekwe, ambao zamu ikiisha usiku mkubwa hawapati daladala na hulazimika kulipa bodaboda.

Tangazo lenyewe lisemwe kwanza kwa mdomo. Saa nane mchana ndiyo saa nzuri, zamu ya asubuhi inapotoka na ya jioni inapoingia, ila isiwe Ijumaa. Mlinzi wa usiku afuatwe mwenyewe. Grupu lifuate baadaye siku hiyohiyo, kwa maneno kama haya:

"Assalamu alaykum ndugu zangu. Haya ndiyo tuliyozungumza leo. Kuanzia tarehe mosi Shangani na Malindi ni timu moja. Yanayobadilika: mkuu wa mapokezi atakuwa mmoja na mkuu wa vyumba mmoja, sevisi chaji itagawiwa kwa watu 16. Kwa hesabu ya mwezi uliopita, wa Shangani angepata 165,000 badala ya 200,000, na wa Malindi 165,000 badala ya 120,000. Yasiyobadilika: mshahara wa msingi, likizo zenu, michango ya hifadhi ya jamii na tarehe ya kuanza kazi. Tajiri ametia saini, na nakala ipo mapokezi. Ambalo halijaamuliwa: ratiba ya zamu na nauli ya usiku. Nipeni maoni hadi Alhamisi. Jumamosi nitawajulisha lililoamuliwa."

Ujumbe huu hauna "familia" wala "tushirikiane", na tajiri huenda akauona mkavu. Katikati amsomee hata hivyo. Akisema mstari fulani utoke, Katikati amuulize kama si kweli au haupendezi. Usio kweli utoke. Wa sevisi chaji ndio atakaopigania zaidi utoke, na huo ubaki, kwa sababu tarehe ya malipo itausema tu. Na tajiri akikataa kutia saini jambo mojawapo kati ya yale manne, jambo hilo lihamie kwenye "ambalo halijaamuliwa". Wafanyakazi wataliona limekaa huko na watauliza, nalo ni swali ambalo tajiri atapaswa kulijibu mwenyewe.

Kuhusu kulifunga grupu: hapana. Likifungwa, mazungumzo hayakomi, yanahamia kwenye grupu jengine ambalo Katikati hamo. Aliache wazi, ajibu hadharani maswali ya wote, na anayeuliza habari za mshahara wake au deni lake ajibiwe pembeni. Na grupu la zamani la Malindi asilifute mpaka mgao wa kwanza utoke, kwani humo ndimo zilimo picha za karatasi za mgao wa miezi iliyopita, na wapo watakaotaka kulinganisha.