Anaota au Yuko Macho? Vidokezo 7 vya Ndoto na Maruweruwe Katika Igizo Fupi

Una igizo la dakika kumi na tano, waigizaji wanne, uwanja wa shule hapa Lodwar au kiwanja cha mpira kule Kakuma, na jua la saa tisa alasiri. Katikati ya hadithi mhusika wako anaota. Mashine ya moshi huna, pazia huna, na taa ya buluu itashindana vipi na jua la Turkana? Usihuzunike. Umeokolewa usitumie vitu ambavyo mtazamaji amevichoka: sauti yenye mwangwi, mwendo wa kinyonga, mzimu aliyevaa shuka jeupe, na mhusika anayeruka kutoka usingizini akihema.

Tutembee na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ekal ni kijana mchungaji. Huchota maji kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto Tarach na kuwanywesha mbuzi. Kaka yake, Lokai, aliondoka na ngamia na hajarudi. Usiku Ekal atamwota. Siku ya pili, akiwa na homa kali ya malaria, atamwona mchana kweupe. Mtazamaji atatofautishaje? Haya, twende!

1. Tunga sheria akiwa macho, ivunje akilala

Ndoto hutambulika pale jambo ambalo mtazamaji ameshalizoea linapobadilika. Kwa hiyo kazi yako inaanza kabla ya ndoto. Tuchague uzito. Jerikeni la lita ishirini likijaa maji lina kilo ishirini, na hakuna mtu Turkana asiyejua mkono unavyovutika ukilibeba. Ukimpa mwigizaji jerikeni tupu, watoto wa safu ya mbele watamgundua mara moja! Tia lita tano au sita: bega litainama, maji yatasikika yakicheza, na mwigizaji hataumia mazoezini. Mwonyeshe Ekal akilibeba mara mbili, akipumzika njiani, akilitua kwa mikono miwili. Ndotoni mpe jerikeni pacha lililo tupu, alinyanyue kwa vidole viwili na kuondoka nalo kama kawaida, bila kushangaa. Yapake yote mawili tope la mtoni ili kimo cha maji kisionekane. Uwanja mzima utajua, na hakuna aliyetamka neno "ndoto".

2. Vunja moja tu, tafadhali

Hapa ndipo waandishi wengi hujaa hamu. Uzito umebadilika, basi na nguo zibadilike, na sauti, na Lokai atembee kinyumenyume! Mtazamaji sasa anahangaika kutafuta alama ni ipi, na hadithi inampita. Chagua sheria moja, nayo iwe inagusa kile mhusika anachokikosa zaidi. Angalia Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009. Katika ulimwengu wa Asha maji ni machache hata jasho hukusanywa na kusafishwa linywewe tena. Maono yake yanapomjia, anajikuta kwenye maji mengi na mti wa kijani. Mtazamaji ameshaona ukavu na uhaba wa maisha yake ya kila siku, kwa hiyo wingi wa maji wenyewe unamwambia kwamba Asha hayuko tena katika ulimwengu huo. Ekal maisha yake ni mzigo, basi ndoto yake ni wepesi. Jiulize kuhusu mhusika wako: ni kitu gani kinachomlemea kila siku, na kingeondoka ulimwengu ungekuwaje?

3. Mpe usingizi mlango

Alama inasema tuko ndotoni, lakini mtazamaji anataka kujua pia tumeingia saa ngapi na tumetoka saa ngapi. Mlango unao tayari: ekicholong, kile kiti kidogo cha mbao ambacho mwanaume wa Kiturkana hukalia mchana na kulalia kichwa usiku. Katika matukio ambayo yuko macho, Ekal asikiache kamwe; akisimama anakibeba. Usiku analaza kichwa juu yake na kufumba macho. Kisha anainuka, anaondoka, na ekicholong kinabaki peke yake pale chini. Kikibaki pale, Ekal bado amelala. Ndoto ikiisha anarudi, analaza kichwa palepale na mkono ule ule chini ya shavu, ndipo anafumbua macho. Hakuna kuhema wala kupiga kelele. Mazoezini, chora alama ya kichwa na miguu ardhini kwa majivu, kwa sababu akirudi akalala upande mwingine watazamaji watadhani ni usiku mwingine.

4. Maruweruwe ni suala la macho ya wenzake

Kosa la kawaida ni kuonyesha maruweruwe kwa njia ile ile ya ndoto. Lakini Ekal mwenye homa hajalala! Ulimwengu wake uko vilevile, umeongezewa kitu kimoja tu. Kwa hiyo jerikeni libaki zito na ekicholong kiwe mkononi. Kisha Lokai anaingia, anachuchumaa karibu na moto, na Ekal anaanza kuzungumza naye. Sasa kazi yote iko kwa mama yao, anayesonga ugali. Mama hamwoni Lokai. Hamzunguki, hampishi, anapeleka bakuli moja kwa moja pale Lokai alipo, na ni Lokai anayejisogeza dakika ya mwisho. Lokai naye asiguse kitu chochote: asisukume kuni wala asinywe maji, maana kitu kikisogea watu wataamini kwamba kweli amerudi.

Ujanja wa mazoezi ni huu: rudieni tukio hilo mara moja huku wewe mwelekezaji ukiangalia macho ya mama peke yake. Mwigizaji mzuri humtupia mwenzake jicho bila kujua, hasa mwenzake anapoongea. Mtazamo mmoja tu wa namna hiyo unaharibu tukio zima.

5. Lijaribu kwa mtu asiyejua lugha yako

Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kuwapokea waliokimbia vita Sudan, na leo kwenye uwanja mmoja utawakuta watu wa Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Burundi na Ethiopia wamekaa pamoja na wenyeji Waturkana. Ukitegemea Ekal aseme "jana niliota", nusu ya watazamaji wako watabaki nje ya hadithi. Basi kabla ya siku ya maonyesho, mwite mtu asiyeielewa lugha ya igizo, atazame, kisha akusimulie alichokiona kupitia rafiki anayetafsiri. Usimuulize kama ameelewa, maana kwa adabu atakubali tu. Muulize: kijana alilala lini? Aliamka lini? Kaka yake alikuwepo pale motoni? Akikosea swali la kwanza au la pili, rekebisha mlango. Akikosea la tatu, rudi kwa macho ya mama.

Na jambo moja la kuzingatia sana: katika uwanja huo wapo watu ambao ndoto zao mbaya ni za vita walivyoviona kweli. Usitumie mlio wa bunduki kuonyesha jinamizi. Kengele za mbuzi zilizokuwa zikilia tangu mwanzo zikinyamaza ghafla, hofu itafika bila kumjeruhi mtu.

6. Unapiga filamu kwa simu? Nyamazisha upepo

Kama igizo lako ni filamu fupi, una zawadi ambayo jukwaa halina: sauti ya mazingira unayoweza kuizima. Upepo wa Turkana haukomi, na kwa kawaida mpiga picha hupigana nao siku nzima. Mara hii utumie. Funika maikrofoni kwa sponji ili usivume moja kwa moja ndani yake, kisha wote wanyamaze, mrekodi mahali penyewe kwa dakika mbili: upepo, majani, mbuzi kwa mbali. Weka sauti hiyo chini ya kila tukio ambalo Ekal yuko macho. Ndoto ikianza, iondoe kabisa, lakini shuka la Ekal liendelee kupepea. Jicho linaona upepo na sikio halisikii kitu! Hii sasa ndiyo sheria yako moja, basi uzito uache ubaki kama ulivyo.

Jihadhari na kivuli. Hapa karibu na ikweta kivuli cha adhuhuri hujikunyata chini ya miguu, na cha jioni hunyooka mbali. Ikiwa Ekal amepitiwa na usingizi mchana chini ya mti, piga ndoto saa ile ile uliyopiga tukio linaloitangulia. La sivyo mtazamaji ataona vivuli vimebadilika na kufikiri kwamba saa zimepita tu.

7. Usimalize na "kumbe ilikuwa ndoto"

Mwisho huo unamwambia mtazamaji kwamba alichokifuata kwa moyo wote hakikuwa na maana, na kwa watu wa hapa una udhaifu zaidi. Kwa Waturkana, emuron hupokea ujumbe wa Akuj kupitia ndoto, na ndoto hiyo inaweza kutaja hata rangi ya mnyama wa kuchinjwa. Ndoto ni habari, na habari hufanyiwa kazi. Kule Ngarambe, kusini mwa Tanzania, masimulizi yanasema kwamba mwaka 1904 mtu aitwaye Kinjeketile aliingia majini, akatoka siku iliyofuata nguo zikiwa kavu. Watu hawakukaa kujadili kama aliota. Walisafiri kutoka mbali kumfuata, na Ebrahim Hussein akaitungia habari hiyo tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969.

Basi, mpe mtu uamuzi wa kufanya kwa sababu ya ndoto. Asubuhi Ekal anamweleza mama kwamba alimwota Lokai, na kwamba alinyanyua jerikeni kwa vidole viwili. Mama anataka aitwe emuron. Ekal anataka kwenda mwenyewe kumtafuta kaka yake, na homa ndiyo kwanza inaanza kupanda. Hapo una mgogoro, na tukio la maruweruwe linalofuata lina uzito, kwa sababu sasa mama anapomwona mwanawe akizungumza na hewa, anajua anazungumza na nani. Soma andiko lako leo na uulize swali moja: nikiikata ndoto hii, kuna mhusika atakayefanya jambo tofauti? Kama hakuna, ikate, na zile dakika mbili uwape Ekal na mama yake wabishane.