Ombi la kazi: kutoka maneno 82 hadi 40

Tuseme fundi wa kuchomelea wa Chang'ombe, Dodoma, amepata namba ya msimamizi wa jengo linalojengwa Mtumba. Anamwandikia wasapu hivi:

"Shikamoo mkuu. Natumaini u mzima wa afya pamoja na familia yako. Mimi ni kijana wa miaka 24, mkazi wa Chang'ombe, mchapakazi, mwaminifu, na naweza kufanya kazi katika mazingira yoyote. Kazi ya kuchomelea nimeipenda tangu utotoni.

Nimesoma VETA na nina cheti cha ngazi ya pili. Nimefanya kazi sehemu mbalimbali, mageti, madirisha na hata kenchi za ghala moja Kizota mwaka jana. Maisha yamekuwa magumu na wadogo zangu wananitegemea. Kwa hiyo naomba unifikirie kukiwa na nafasi yoyote kwenye jengo lako la Mtumba. Asante, Mungu akubariki."

Ombi limezikwa mwishoni, na simu ya msimamizi inapolia kioo kinaonyesha mistari ya mwanzo tu. Anza basi kwa kulitoa huko na kuitaja kazi yenyewe. "Nafasi yoyote" humlazimisha anayesoma akutafutie la kufanya, na yuko juu ya jukwaa.

Kisha chagua ushahidi mmoja. Hapa ndipo wengi hukwama, maana kila kilichotajwa kilitolewa jasho. Pima kwa swali hili: kipi anaweza kukihakiki leo, na kinafanana na kazi yake? Mageti hayafanani. Cheti kinahakikika, lakini kila aliyehitimu ngazi hiyo anacho. Kiache kwa siku ya usaili, isipokuwa tangazo limekitaka. Kenchi za Kizota zinabaki, na hilo "hata" lililozifanya zionekane nyongeza linaondoka.

Yaliyobaki yafute bila huruma. Uchapakazi na uaminifu hata mvivu huviandika. Wadogo zako ni mzigo wa kweli, ila hauonyeshi kama mchomeleo wako unashika. Shikamoo usiiguse, kuikata ni utovu wa adabu, na ni neno moja tu.

"Shikamoo mkuu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, naishi Chang'ombe. Naomba kazi ya kuchomelea kwenye jengo lako la Mtumba. Mwaka jana nilichomelea kenchi za ghala Kizota. Picha ya maungio hii hapa, na aliyenisimamia yuko tayari umpigie. Naweza kuja kujaribiwa Jumatatu asubuhi?"

Maneno 40, chini ya nusu. Kuna kukata kupita kiasi pia: "Mkuu, kazi ipo?" ni fupi zaidi, lakini haisemi anayeuliza anaweza nini.

Kabla ya kutuma, zungumza na huyo aliyekusimamia Kizota akubali kupigiwa, na picha iwe ya maungio kwa karibu, si yako umeshika mashine. Jina lako liweke chini.